Bledi ya kupasua mninga, ya plaiwudi, na ile wanayosema inakata vyote

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina karakana ya samani Morogoro. Msumeno wangu ni wa meza, bledi ya inchi 10, mota ya farasi 3, mizunguko 4,000 kwa dakika. Bledi niliyonayo ni moja tu, ya kabaidi, meno 60. Nikipasua mninga wa inchi 2 unaungua na mota inalemewa. Plaiwudi inakatika vizuri kwa juu ila chini inachanika. Sasa nimepata oda ya meza 12 za mgahawa: uso ni marinibodi ya milimita 18 yenye ukingo wa mninga, miguu ni skwea paipu ya 40 kwa 40, unene milimita 1.5. Dukani wameniambia ipo bledi ya kabaidi inayokata vyote, mbao mpaka chuma. Ninunue hiyo? Kama siyo, meno mangapi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Hiyo ya vyote usinunue. Nunua bledi ya kabaidi ya meno 24 kwa kupasulia mninga. Ya meno 60 ipeleke ikanolewe, ibaki kuwa ya plaiwudi na ya kukatia mbao mkingamo. Skwea paipu isipite kabisa kwenye hiyo mashine. Sababu zake nitazieleza kwa kirefu, maana ukizishika utajichagulia mwenyewe hata siku utakayoletewa mvule au alumini.

Tuanze na mninga. Kila jino linapopita kwenye mbao linatakiwa libandue kibanzi chenye unene wa kutosha. Likibandua hivyo, sehemu kubwa ya joto huondoka na kibanzi. Kibanzi kikiwa chembamba kupita kiasi, jino huacha kukata na kuanza kusugua, na huko kusugua ndiko kunakoiunguza mbao yako. Unene huo unaweza kuupiga hesabu mwenyewe: chukua mwendo unaosukumia mbao kwa dakika, gawanya kwa idadi ya meno yanayopita kwa dakika. Bledi yako ina meno 60 na inazunguka mara 4,000, kwa hiyo kila dakika yanapita meno 240,000. Kwa mninga wa inchi 2 na mota ya farasi 3, wewe mwenyewe unajua husukumi haraka. Tuseme ni mita 3 kwa dakika. Milimita 3,000 ukizigawa kwa 240,000 unapata kama milimita 0.0125 kwa jino. Karatasi ya daftari ina kama milimita 0.1, yaani kila jino lako linabandua sehemu moja ya nane ya unene wa karatasi.

Sasa itazame ncha ya jino lenyewe. Hata kabaidi mpya iliyonolewa vizuri, makali yake yana kauduara, takriban milimita 0.005 hadi 0.01. Ikishafanya kazi muda, uduara huo unakua mpaka 0.03 au zaidi. Hapo makali yenyewe ni manene kuliko kibanzi yanachotakiwa kubandua. Jino linapanda juu ya mbao, linaikandamiza na kuisugua, kisha jino la nyuma yake linafanya vilevile. Ndiyo maana unaona weusi, mota inaguna, na unga unaotoka ni laini kama vumbi na una rangi ya kuungua. Ukisukuma polepole zaidi kwa kuihurumia mota, kibanzi kinazidi kuwa chembamba na kuungua kunaongezeka. Mafundi wengi wanaishia hapo, wanadhani mninga ndio mkaidi.

Weka bledi ya meno 24 kwenye mashine ileile. Meno yanayopita kwa dakika yanashuka hadi 96,000. Kwa mwendo uleule wa mita 3, kila jino linachukua kama milimita 0.03. Na kwa kuwa mota sasa haipotezi nguvu kwa kusugua, utajikuta unasukuma mita 5 kwa dakika bila kuilazimisha, na kibanzi kinafika kama 0.05. Hapo jino linakata kweli. Unga utauona umekuwa mkubwa, wenye chembe unazozihisi ukizisugua kati ya vidole, na rangi yake ni ya mninga wenyewe.

Kuna sababu ya pili ya kupendelea meno machache kwenye kupasua, nayo ni bonde lililo kati ya jino na jino. Ukipasua kwa kufuata nyuzi, vinavyobanduliwa ni vipande virefu virefu, na jino linavibeba ndani ya bonde lake mpaka linapotoka kwenye mbao. Ukiinua bledi yako milimita 15 juu ya ubao wa milimita 50, kila jino linasafiri ndani ya mbao kama milimita 72. Kwenye bledi ya meno 60 umbali kati ya meno ni kama milimita 13, kwa hiyo meno matano au sita yako ndani kwa wakati mmoja, na kila moja lina kibonde kidogo ambacho kinajaa kabla ya kufika nje. Uchafu ukikosa pa kwenda unabanwa kati ya ubavu wa bledi na mbao, bledi inapata joto, inaanza kuyumba, na mkato unapinda. Kwenye bledi ya meno 24 umbali kati ya meno ni milimita 33, meno mawili au matatu tu ndiyo yako ndani, na bonde la kila moja ni kubwa na la kina.

Kabla hujatoa hela, lakini, hakikisha ni bledi inayounguza na siyo fensi, ile reli unayoegemezea mbao unapoisukuma. Tazama weusi uko wapi. Ukiwa pande zote mbili za mkato kwa kiasi kinacholingana, tatizo ni meno: yamekuwa mengi, butu, au yana utomvu. Ukiwa upande mmoja tu, hasa ule wa fensi, mara nyingi fensi imefunga kidogo kwa nyuma na mbao inabanwa dhidi ya bledi. Hapo hata bledi ya bei kubwa itaunguza, na ubao unaweza kurushwa kukujia kifuani. Kupima ni rahisi. Zima umeme, weka alama kwenye jino moja, pima umbali wake mpaka kwenye mfereji wa meza jino hilo likiwa mbele, kisha izungushe bledi mpaka jino lilelile liwe nyuma, upime tena. Tofauti isizidi milimita 0.1. Ukishahakikisha bledi iko sambamba na mfereji, ndipo unaipanga fensi kufuata mfereji huohuo. Angalia pia meno kwa karibu: mninga na misonobari huacha utomvu mweusi unaoganda ubavuni mwa ncha, na jino lenye utomvu husugua hata kama makali yake bado ni mazima. Loweka bledi kwenye mafuta ya taa au maji ya sabuni ya moto, kisha piga brashi ya shaba. Wapo walioagiza bledi mpya kumbe ya zamani ilikuwa chafu tu.

Sasa ncha yenyewe ni ya kitu gani. Bledi za zamani, ambazo bado ziko kwenye karakana nyingi, ni chuma kitupu kuanzia kitovu mpaka kwenye meno. Fundi ananoa kwa tupa na kuyapinda meno moja kulia moja kushoto ili mkato uwe mpana kuliko bamba. Bledi hizo sizidharau. Kwa mbao laini kama msonobari na saiprasi, mahali ambapo mnoa kabaidi hayupo, zina faida yake: ikiisha makali unainoa mwenyewe jioni na asubuhi unaendelea. Lakini kwenye mninga mkavu, na zaidi kwenye mkongo ambao ni mzito kuliko mninga, makali yake hayadumu. Chuma cha kawaida kikishapata joto la nyuzi mia mbili na kitu hupoteza ugumu, na kwenye mbao ngumu joto hilo ncha inalifikia upesi.

Kabaidi ni chembe za tangsten na kaboni zilizoshikanishwa na kobalti, kisha kila kipande kikachomelewa kwenye jino la chuma. Ni ngumu kupita chuma chochote cha bledi, na joto la mbao haliisumbui. Udhaifu wake ni kwamba haipindi, inavunjika. Na kabaidi nayo ina aina. Ikiwekwa kobalti kidogo inakuwa ngumu zaidi, inashika makali muda mrefu, lakini inamegeka ikigonga kitu. Kobalti ikiongezwa inavumilia mshtuko, ila makali yanaisha mapema kidogo. Ndiyo sababu kabaidi inayofaa kwa bodi isiyo na fundo wala msumari siyo lazima iwafae wanaopasua mbao zinazotoka moja kwa moja shambani.

Hili linakuhusu kwa sababu ya mvule na mtiki. Mtiki una silika ndani yake, yaani kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga, nayo inakula makali polepole hata kama hukuona chochote. Mvule ni hatari zaidi: baadhi ya miti huwa na mawe kabisa ndani ya moyo wake, mabonge ya chokaa magumu, meupe au ya kijivu, ambayo kwa nje huyaoni. Mara nyingi unachokiona ni mbao iliyokolea weusi kuzunguka sehemu hiyo. Jino likikutana na jiwe hilo linamegeka. Kwa mvule napendelea bledi ya meno machache yenye ncha nene, na siweki bledi yangu mpya ya plaiwudi hata kwa mkato mmoja. Ukimega meno mawili kwenye bledi ya 24, fundi wa kunoa anaweza kukuchomelea mapya. Na kwa kuwa wengi wao hutoza kwa jino, bledi ya meno 24 ni rahisi kuitunza kuliko ya 60.

Kuhusu kunoa, kabaidi hainolewi kwa tupa wala kwa jiwe la kawaida la grainda. Inahitaji jiwe la almasi na mashine inayoshika pembe. Kabla ya kumwachia mtu bledi yako, muulize anatumia jiwe gani. Wapo wanaosugua kwa mkono mpaka kila jino linabaki na urefu tofauti na jingine. Bledi ya namna hiyo kazi inafanywa na meno machache yaliyobaki marefu, mengine yanapita hewani tu, na mkato unaonyesha mistari inayojirudia kwa nafasi sawa.

Tuje kwenye marinibodi, ambayo nayo ni plaiwudi. Hapa bledi yako ya meno 60 ni sahihi kabisa, na hesabu ileile inaeleza kwa nini. Bodi ya milimita 18, bledi ikiwa imejitokeza milimita 10 juu yake, jino linasafiri ndani ya bodi kama milimita 35 tu. Ukiweka bledi ya meno 24, kuna jino moja tu ndani kwa wakati mmoja; linaingia kwa kishindo, linatoka, kisha lingine linaingia, na kila kishindo kinang'oa nyuzi za ngozi ya juu na ya chini. Kwa meno 60 kuna mawili au matatu ndani muda wote, kibanzi ni kidogo, na bodi haitikiswi. Ya meno 80 ingesafisha zaidi kidogo, lakini kwa mota yako na kwa kazi ya ukingo utakaofunikwa na mninga, sioni haja ya kuinunua. Hela hiyo iweke kwenye ya 24.

Zaidi ya idadi, tazama jinsi meno yalivyokatwa. Bledi ya plaiwudi inafaa iwe na meno yaliyochongwa kwa mshazari, moja likielekea kulia na linalofuata kushoto, ili ncha kali ikate nyuzi za ngozi kabla tumbo la jino halijafika. Kwenye bledi au boksi lake huandikwa ATB. Bledi ya kupasua huwa na meno bapa, FTG, au yenye mshazari mdogo. Utaona pia TCG, ambapo jino moja limekatwa pembe mbili na la pili ni bapa. Hiyo ni ya bodi ngumu zenye ngozi ya plastiki na ya alumini.

Kuchanika kwa chini kunatoka mahali pengine. Kwenye msumeno wa meza meno yanashuka, yanaingilia uso wa juu na kutokea chini, na huko chini hakuna kinachoshikilia zile nyuzi za mwisho. Tundu la bamba lililozunguka bledi yako huenda ni pana kama kidole. Tengeneza bamba jipya la plaiwudi lenye unene ule ule wa la zamani, lifunge kwa kibano ukiwa umeshusha bledi chini kabisa, washa, kisha inua bledi taratibu mpaka ikate njia yake yenyewe. Sasa nyuzi zimeshikiliwa mpaka ukingoni mwa mkato. Pili, kwa plaiwudi usiinue bledi sana; ikiwa chini, meno yanapita yakiwa yamelala zaidi na hayazisukumi nyuzi za chini moja kwa moja. Kwa mninga mnene ni kinyume, kuinua kidogo kunafupisha safari ya jino ndani ya mbao na kupunguza joto, ila kifuniko cha bledi kisiondolewe. Na uso mzuri wa bodi siku zote utazame juu. Ukitumia msumeno wa mkononi geuza, maana ule meno yake yanatokea juu.

Mkato unaovuka nyuzi za ngozi ndio unaochana zaidi, kwa hiyo uanze nao. Kata upana wa meza kwanza, halafu mkato unaofuata nyuzi, ili kona zilizomegeka ziondolewe na huo wa pili.

Gundi ya marinibodi, ile mistari myeusi unayoiona ukingoni, ni ngumu kuliko mbao iliyo kati yake. Ukitaka kuona, randa ukingo wa bodi kwa randa ya mkono mara kadhaa kisha utazame kisu kwenye mwanga: kina vipengo vidogo vinavyolingana moja kwa moja na mistari ya gundi. Ndiyo sababu bledi ya chuma kitupu usiiweke kwenye marinibodi. Itakata bodi chache vizuri, kisha itaanza kuchana.

Sasa hii ya chuma, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu bei ya kukosea ni jicho au mkono.

Tatizo la kwanza siyo meno, ni kasi. Ncha ya bledi yako ya inchi 10 kwa mizunguko 4,000 inakwenda kama mita 3,190 kwa dakika. Bledi ya kukatia chuma ya HSS, yaani ya chuma kigumu kisicho na kabaidi, ile ya mashine inayomwagiwa maji ya kupozea, inatakiwa iende kama mita 30 kwa dakika. Kwa kipenyo kama chako ni mizunguko chini ya 40. Mashine yako ina kasi zaidi ya mara mia moja ya inayotakiwa. Ukiifunga bledi ya HSS hapo na kuipeleka kwenye paipu, meno yataungua papo hapo au bledi itapasuka. Na kabaidi ya mbao, ambayo imechongwa kwa makali membamba ili ikate nyuzi, ikigonga ukuta wa chuma wa milimita 1.5 kwa kasi hiyo inamegeka, na vipande vinaruka kama risasi.

Kabaidi za kukata chuma kikavu, yaani bila maji ya kupozea, zipo kweli. Muuzaji hakukudanganya kwa hilo. Ni kabaidi ya aina nyingine, makali yake yamefanywa butu kidogo makusudi ili yasimegeke, na imetengenezwa kwa mashine yake. Mashine ya inchi 14 ya kukata chuma kikavu huzunguka kama mara 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Ndiyo maana paipu inayotoka hapo unaweza kuishika muda mfupi baadaye. Joto limeondoka na vibanzi. Zipo pia bledi za mchanganyiko kwa misumeno midogo iliyoundwa kwa ajili hiyo, yenye vibano vya kushikia paipu. Ukiichukua bledi ya namna hiyo ukaifunga kwenye meza yako, unashika paipu kwa mkono, jino likinasa kwenye kona paipu inanyakuliwa. Tena vibanzi vya moto vinaanguka ndani ya sanduku la chini ambalo limejaa unga wa mninga. Unga huo haushiki moto palepale; unafukuta, na unawaka baada ya wewe kufunga karakana.

Kuna kosa jingine ambalo mafundi wa vyuma wanalifanya, nalitaja kwa sababu utashawishika. Ile mashine ya kawaida ya kukata chuma kwa jiwe, ya inchi 14, inazunguka kama mara 3,800. Mtu ananunua bledi ya kabaidi ya chuma ya inchi 14, anaona tundu linaingia, anaifunga hapo. Nguvu inayolivuta kila jino litoke nje inakua kwa mraba wa kasi. Ukitoka 1,300 kwenda 3,800 imeongezeka zaidi ya mara nane. Soma namba iliyoandikwa kwenye bledi kuhusu mizunguko ya juu kabisa. Ikiwa chini ya namba iliyo kwenye mota, bledi hiyo siyo ya mashine hiyo, hata kama inaingia.

Kwa oda yako una miguu 48 na fremu zake. Azima au kodi mashine ya jiwe ya inchi 14, au kata kwa grainda yenye jiwe la milimita 1, mbali na unga wa mbao, kisha piga tupa kuondoa kingo kali. Mkato wa jiwe si safi, lakini sehemu kubwa inaingia kwenye weldingi. Ukiona oda za vyuma zinaendelea kuja, hapo ndipo ufikirie mashine ya kukata chuma kikavu. Bledi yake ya inchi 14 kwa paipu nyembamba kama zako iwe ya meno 80 au zaidi. Yenye meno machache ni ya vyuma vinene.

Kama kuna vipande vichache tu na unatumia msumeno wa mkono wa chuma, kanuni ni ileile ya meno yaliyo ndani ya kitu unachokata. Ubapa wa meno 18 kwa inchi, nafasi kati ya meno ni milimita 1.4, karibu sawa na unene wa ukuta wa paipu yako. Ukuta unaingia kati ya meno mawili na yanang'oka. Chukua wa meno 32 kwa inchi, nafasi yake ni kama milimita 0.8, hapo unakuwa na karibu meno mawili juu ya ukuta muda wote.

Alumini ni suala tofauti na haina haja ya kasi ndogo namna hiyo. Bledi ya TCG yenye meno 80 yaliyolala nyuma kidogo inaikata kwa kasi ya mashine ya mbao, mradi umeifunga kwa kibano na kupaka nta mahali pa mkato ili isigande kwenye meno. Chuma cha kawaida hakiingii kwenye ruhusa hiyo.

Ukifika dukani kununua ya meno 24, usisome boksi tu. Itoe bledi, ielekeze kwenye mwanga. Tazama mshono kati ya kabaidi na jino: unatakiwa uwe mstari mmoja wa kung'aa usiokatika, ukiona tundu au kabaidi imekaa upande, rudisha. Kabaidi yenyewe iwe nene, milimita 2 au zaidi, maana ile nyembamba ukiinoa mara mbili imekwisha. Ilaze kwenye kioo cha kabati la duka uone kama bamba limenyooka. Upana wa mkato uliozoeleka ni kama milimita 3.2, zipo nyembamba za 2.4, na kwa farasi 3 zako nyembamba inapunguza mzigo wa mota. Lakini pima kwanza kile kisu kilichosimama nyuma ya bledi yako: kinatakiwa kiwe chembamba kuliko mkato na kinene kuliko bamba la bledi. Kikiwa kinene kuliko mkato, mbao itakwama njiani.

Pima pia tundu la katikati. Bledi nyingi zinazouzwa kwetu ni za milimita 25.4 au 30. Tofauti hiyo haizibwi kwa kuzungushia waya wala bati. Omba pete ya kupunguzia iliyotengenezwa kiwandani, iingie kwa kubana, na iwe nyembamba kuliko bamba la bledi ili flanji zibane bledi yenyewe na siyo pete.